Stoo ilikuwa ukurasa wa tatu

Juzi dada mmoja wa Mbeya, msomaji wangu, kanitumia wasifu wake wa kurasa tano niupitie. Nimeusoma nikajiona mwenyewe.

Nilikuwa na miaka sita ya kutunza stoo nilipoitwa usaili Dar, kampuni siitaji. Yule mzee wa utumishi akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaniuliza: "Kijana, stoo umewahi kufanya?" Iko ukurasa wa tatu! Mbele yake nilipanga kabila, hali ya ndoa, shule ya msingi na semina zote zenye muhuri. Kazi nikaikosa. Mpaka leo nikikumbuka alivyozirudisha zile karatasi kwenye bahasha, roho inauma.

Safari iliyofuata nilitaka wasifu wangu uenee ukurasa mmoja tu, nikaanza na tangazo lenyewe la kazi. Walitaka mambo matatu: kuhesabu mali, kutumia mfumo wa kompyuta, kusimamia vibarua. Kila mstari wangu nikauuliza unajibu lipi. Usiojibu, nje. Semina ya ujasiriamali iliniuma kuifuta, lakini haikujibu kitu. Kazi ikapanda juu, chini tu ya jina na simu. Elimu ikashuka, mistari miwili.

Kisha maneno. Zamani niliandika "Nilihusika na shughuli zote za stoo ikiwa ni pamoja na kupokea, kutunza na kutoa mali." Nani hajui stoo hupokea na kutoa? Nikaandika: "Nilihesabu aina 1,200 za vipuri kila mwezi na kulinganisha na mfumo, nilisimamia vibarua 8."

Bado mistari minne ikamwagikia ukurasa wa pili. Nikapunguza herufi hadi 8, nikachapa, mke wangu akaniuliza kama ni maelekezo ya dawa. Nikarudi 11. Kumbe karatasi kwenye Word ilikuwa Letter, si A4. Kubadilisha tu kuliniongezea karibu sentimita mbili za urefu, na pambizo nikazishusha kutoka 2.54 hadi 2. Ikatosha.

Ila ukurasa wa pili haukuondoka, mweupe kabisa! Kama umemalizia na jedwali, Word huweka aya tupu chini yake na haifutiki. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uione alama yake, ichague, ipe herufi ya ukubwa 1. Halafu hifadhi kwa PDF, la sivyo mpangilio utavurugika kwenye kompyuta ya mwenzako.

Jamani, msibane kila kitu kwa pupa. Nafasi za serikali tangazo likidai wadhamini watatu na anwani zao, waweke, hata ukurasa ukizidi. Kwangu hawakuwadai, nikawatoa. Usaili ule nilipita, na ndiyo stoo ninayoshika funguo zake sasa.

Dada wa Mbeya kafika ukurasa mmoja na nusu. Anaomba kazi ya uhasibu, lakini uenyekiti wa kwaya kagoma kuufuta.