Usichuje barua pepe kwa alama ya klipu

Kazi ya uwakala wa forodha hapa Tanga ni kazi ya viambatisho. Ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, zote huingia kwa barua pepe. Ofisini tunatumia Thunderbird kwa IMAP, na kila kijana anayeanza kazi namsihi asibonyeze kile kitufe cha kuonyesha barua zenye klipu tu, yaani alama ya kiambatisho.

Klipu ile huwekwa kwa kukisia. Barua inapoingia, Thunderbird husoma kichwa chake kabla ya kuukagua mwili. Ikikuta `multipart/mixed`, yaani barua ya sehemu mchanganyiko, huweka klipu. Ikikuta aina nyingine, haiweki. Hujisahihisha pale unapoifungua barua.

Ndiyo maana barua za vikundi mara nyingi huja na klipu ya bure. Seva ya kikundi huongeza maneno yake ya chini kama sehemu ya pekee, basi barua nzima inageuka kuwa mchanganyiko. Hiyo haina hasara. Hasara iko kwenye klipu inayokosekana, maana mzigo unalipiwa gharama za kukaa bandarini huku ankara imo ndani ya kompyuta yako.

Juzi mteja mmoja alishikilia kwamba ametuma ankara, na mwenzangu akashikilia kwamba haijafika. Nikamwambia, "Kaka, ondoa kichujio, weka safu ya Size, upange kwa ukubwa." Barua ikajitokeza: mistari miwili ya salamu, lakini uzito wake KB 400. Salamu haziwi nzito hivyo. PDF ya KB 300 ikisafirishwa kwa barua pepe huongezeka kama theluthi moja, kwa hiyo hesabu ilikubali. Tukabonyeza Ctrl+U kuona barua ilivyoundwa:

```
Content-Type: multipart/alternative
  Content-Type: text/plain
  Content-Type: multipart/mixed
    Content-Type: text/html
    Content-Type: application/pdf
```

Mteja alitumia Apple Mail. Mstari wa juu unasema barua ina matoleo mawili ya ujumbe uleule, msomaji achukue moja. PDF imewekwa ndani ya toleo la pili, chini kabisa, ambako kichwa cha barua hakikutaji.

Hapo kuna hatari kubwa zaidi. Kompyuta ya mwenzangu ilikuwa imewekwa View > Message Body As > Plain Text, kwa hiyo ilichukua toleo la kwanza, na PDF isingeonekana hata angeifungua barua. Tulipobadili kuwa Original HTML, ankara ikajitokeza chini ya barua.

Wateja wenu wa Mac waombeni wachague Format > Make Plain Text kabla ya kutuma. Barua ikiwa ya maandishi matupu, `multipart/mixed` hupanda juu kabisa, na klipu huonekana tangu barua inapoingia. Wasioweza kufanya hivyo, barua zao zikaguliwe kwa ukubwa.