Kabla programu haijauza: mambo ya kujua kuhusu mapengo ya bei ya kufungua

Wadogo zangu mlioingia kwenye data ya hisa mwaka huu, nimepitia skripti zenu na zote zina mstari uleule: bei ya kufungua gawanya kwa bei ya kufunga ya jana, toa moja, na pengo likizidi asilimia tano programu iuze au inunue. Hesabu hiyo haina kosa. Kosa ni kwamba oda inatoka kabla yeyote hajauliza pengo limetokana na nini. Tumeshalizungumza hili mara nyingi mezani na bado linajirudia, kwa hiyo naliandika ili lisomwe taratibu.

1. Kwanza, hiyo bei ni ya kufungua kweli?

Soko la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa saa zao. Kwetu Nairobi na Dar hiyo ni saa kumi na nusu jioni wakati wao wako kwenye saa za majira ya joto, na saa kumi na moja na nusu wakiwa kwenye saa za baridi. Wao husogeza saa Machi na Novemba, sisi hatusogezi. Kila Novemba kuna mtu ambaye `cron` yake imekaa kwenye 16:31 ya Nairobi, na inaamka karibu saa nzima kabla soko halijafunguliwa. Hapo inaokota bei ya miamala michache ya kabla ya soko na kuiita bei ya kufungua. Wekeni ratiba kwa `America/New_York`, jambo hili liishe.

Hata saa ikiwa sawa, si kila hisa hufunguka sekunde ileile. Bei mnayoitaka ni ile ya mnada wa kufungua kwenye soko ambako hisa imeorodheshwa. Muamala wa kwanza mliouona kwenye mlisho unaweza kuwa umefanyika kwingine. Kama mnada haujatoa bei, jibu la programu ni “bado”, isubiri.

2. Bei zote mbili zikae kwenye msingi mmoja

Hapa ndipo wengi wenu mnaanguka. Chukueni Nvidia. Ijumaa ya tarehe 7 Juni 2024 ilifunga kwa dola 1,208.88. Jumatatu tarehe 10 ilianza kuuzwa baada ya mgawanyo wa hisa moja kuwa kumi, ikafungua kwa dola 120.37. Skripti yenu inaona anguko la asilimia 90 na kukimbilia kuuza. Mwenye hisa hakupoteza kitu: alikuwa na 30, sasa ana 300.

Dawa yake ni fupi:

```python
def pengo(fungua, funga_ghafi, mgao=1.0, gawio=0.0):
    rejea = (funga_ghafi - gawio) / mgao
    return fungua / rejea - 1

pengo(120.37, 1208.88, mgao=10)   # takriban -0.0043
```

Pengo halisi ni chini ya nusu ya asilimia, siku ya kawaida kabisa. Hisa zikiunganishwa, kama General Electric ilivyofanya Agosti 2021 kwa kuzifanya nane kuwa moja, `mgao` unakuwa 1/8. `gawio` mnalijaza siku ya kwanza ambayo mnunuzi wa hisa hana tena haki ya gawio hilo, si siku linapolipwa.

Neno la kushika ni *ghafi*. Wauza data wengi hurekebisha historia yao usiku wa mgawanyo, kwa hiyo asubuhi faili linaweza kuonyesha kwamba Nvidia ilifunga Ijumaa kwa 120.888. Mkiigawa tena kwa kumi mnapata 12.09, na programu inatangaza kupanda kwa karibu asilimia 896. Kijana mmoja wetu alikaa jioni nzima akitafuta hitilafu kwenye fomula wakati fomula ilikuwa nzima. Bei ya kufunga ndiyo iliyokuwa imekwisha kurekebishwa. Hifadhini bei ya kufunga wenyewe, jioni ileile soko linapofunga, kama ilivyouzwa. Msiiombe tena asubuhi.

Kalenda ya migawanyo na magawio nayo haitoshi peke yake. Tarehe 2 Aprili 2024 General Electric ilitenganisha biashara yake ya nishati ikawa kampuni ya GE Vernova, na mwenye hisa nne za GE alipata moja ya kampuni mpya. Siku kama hiyo sehemu ya thamani inahamia kwenye hisa nyingine, na hakuna uwiano mzuri wa kuweka kwenye `mgao`. Programu isijaribu kuwa hodari hapo. Imwite mtu.

3. Uwiano unaofanana na mgawanyo ni shaka tu, si jibu

Hii naieleza kwa urefu kwa sababu naiona kwenye skripti zenu sasa hivi, na kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika ya kwanza.

Kalenda yetu ya matukio ya kampuni ilikuwa ikichelewa. Mara mgawanyo unatokea na sisi hatuna habari, mara tahadhari za uongo zinajaa. Nikaona nifunge tatizo kwa ujanja: kama bei ya kufungua ukiigawa kwa bei ya jana inakaribia nusu, theluthi, robo au sehemu ya kumi, basi programu ichukulie kuwa ni mgawanyo na irekebishe yenyewe. Nikajaribu kwa historia, ikafanya kazi vizuri. Kisha nikakumbuka kwamba ipo migawanyo ya hisa mbili kuwa tatu, na tatu kuwa nne, nikaongeza theluthi mbili na robo tatu kwenye orodha. Nafasi ya kukosea nikaiweka asilimia moja. Nilijiona nimemaliza.

Tarehe 2 Februari 2022 Meta ilifunga kwa dola 323.00 na ikatoa matokeo yake ya robo mwaka baada ya soko kufungwa. Soko halikuyapenda. Kesho yake ilifungua kwa 244.65, pengo la zaidi ya asilimia 24 chini. Sasa pigeni hesabu ya uwiano: 244.65 kwa 323 ni 0.757. Robo tatu ni 0.750. Tofauti iko ndani ya asilimia moja.

Programu yangu ikaamua kwamba hisa tatu zimekuwa nne. Ikashusha bei ya jana hadi 242.25 na kutoa jibu: pengo la kupanda la karibu asilimia moja, hakuna la kufanya. Kinga ya hasara, iliyotakiwa kuamka kwenye asilimia nane, haikuamka. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeiruhusu irekebishe na idadi ya hisa kwenye daftari letu. Tulikuwa na hisa 300, ikaandika 400. Ripoti ya jioni ikasema tuna dola 97,860, faida ya 960 juu ya siku iliyotangulia. Ukweli ni kwamba tulikuwa na 73,395, yaani hasara ya 23,505, na hiyo ni kwa bei ya kufungua tu. Siku hiyo Meta ilifunga chini zaidi, kwa 237.76.

Nilikuwa nimesoma habari za Meta asubuhi hiyo. Niliona ripoti yetu haina tatizo nikadhani hatuna hisa nyingi. Aliyegundua ni dada wa hesabu alipolinganisha daftari letu na la dalali, mia tatu kwa mia nne, akanipigia kuuliza hisa mia moja zimetoka wapi. Sikuwa na jibu la kumpa. Hasara yenyewe isingezuilika, kwa sababu bei ilishaanguka kabla soko halijafunguliwa. Kilichoniuma ni kwamba watu waliokuwa na haki ya kuamua wauze au washike walinyimwa siku nzima ya kuamua, na nikalazimika kumweleza mwenye fedha kwa nini ripoti ya jana ilimwambia amepata.

Kwa hiyo ule uwiano ubakize kwenye skripti, lakini kazi yake iwe moja tu: kusimamisha hisa hiyo na kuandika “inafanana na mgawanyo, kalenda haina taarifa”. Usiguse bei, usiguse idadi. Idadi ya hisa hubadilika pale tu daftari la dalali linapobadilika.

4. Halafu ulizeni kuhusu habari, na kuhusu soko lote

Pengo likishapita hapo, yaani bei ni ya kufungua na msingi ni mmoja, liambatanishieni mambo mawili kabla ya hatua yoyote. La kwanza ni kama kampuni ilitoa matokeo jana baada ya kufunga au leo kabla ya kufungua. La pili ni pengo la soko zima kwa dakika hiyohiyo. Tarehe 16 Machi 2020 faharasa ya S&P 500 ilipita kikomo cha asilimia saba mara tu baada ya kufunguliwa, na biashara ikasimamishwa kwa dakika 15. Siku ya namna hiyo karibu kila hisa kwenye orodha yenu itavuka asilimia tano. Inatakiwa itoke tahadhari moja inayosema soko limeanguka, na chini yake orodha fupi ya hisa zilizoanguka kupita soko. Mkipeleka tahadhari mia nne kwenye simu ya mtu, hatasoma hata moja.

Na asilimia tano yenyewe isiwe sheria kwa kila hisa. Linganisheni na wastani wa mapengo ya hisa hiyohiyo kwa siku sitini zilizopita.

Kuna pia bei ambazo hazina maana yoyote. Tarehe 3 Juni 2024, dakika chache baada ya soko kufunguliwa, Berkshire Hathaway daraja A ilionekana kwa dola 185.10 wakati ilikuwa imefunga juu ya laki sita. Ilikuwa hitilafu ya kiufundi, na soko la New York likafuta miamala iliyofanyika kwa bei hizo potofu. Pengo la ukubwa huo bila habari na bila tukio la kampuni lisubiri chanzo cha pili cha bei.

5. Maana ya kusimamisha

Simamisheni hisa moja iliyo na shaka, si akaunti nzima. Na mkumbuke kwamba oda ambazo tayari ziko kwa dalali hazijui kwamba programu yenu imesimama. Kinga ya hasara iliyowekwa kule itauza tu, kwa hiyo ujumbe wa kusimamisha uorodheshe oda zote zilizo wazi kwa hisa hiyo, ili anayepokea aamue kuzifuta au kuziacha.

Kila uamuzi uandikeni na vitu vyake: bei ghafi ya jana, `mgao` na `gawio` vilivyotumika, vimetoka chanzo gani, na saa ya New York. Muuza data akirekebisha historia yake usiku, asubuhi hamtaweza tena kuzalisha namba ambayo programu iliiona. Ile kesi ya Meta tuliielewa kwa sababu tu dalali alikuwa na daftari lake.