Mkazo kwenye bapa la mshazari: kwa nini chuma laini huteleza karibu na nyuzi 45

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya metali au darasa la uimara wa vifaa mwaka huu, kuna swali ninalowauliza wanafunzi wapya na karibu wote hulijibu haraka mno. Nondo inavutwa kutoka ncha mbili. Mkazo ndani yake ni kiasi gani? Jibu linakuja lile lile: nguvu gawanya kwa eneo, basi. Jibu hilo ni sahihi kwa bapa moja tu, lile linalokata nondo moja kwa moja, pembemraba na mhimili wake. Ukichukua bapa jingine linalopita katika nukta ile ile lakini limeinama, mkazo unabadilika. Kwa hiyo kila mtu akikutajia mkazo, muulize kwanza: juu ya bapa lipi?

Tuchukue nondo laini ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 12. Eneo lake, tuliite A, ni milimita za mraba 113. Tuivute kwa nguvu P ya nyutoni 28,300 hivi. Kwenye bapa lililonyooka mkazo, tuuite σ, ni 250 N/mm², na hapo ndipo chuma laini cha kawaida huanza kulegea, yaani kurefuka bila kurudi.

Sasa fikiria unaikata nondo hiyo mshazari, kwa fikra tu. Aliyewahi kukata muhogo mshazari anajua kwamba uso unaotokea ni mpana kuliko ule wa kukata moja kwa moja. Hapa pia ni hivyo. Tuite θ pembe iliyopo kati ya mhimili wa nondo na mstari unaosimama wima juu ya uso uliokatwa. Eneo la uso huo si A tena, ni A/cosθ. Nguvu ya P nayo inagawanyika: sehemu moja, Pcosθ, inavuta wima juu ya uso na kutaka kuzitenganisha pande mbili, sehemu ya pili, Psinθ, inalala juu ya uso na kutaka upande mmoja uteleze juu ya mwenzake. Ukigawa kila sehemu kwa eneo jipya unapata mkazo wima na mkazo wa kuteleza:

```
mkazo wima:        σn = σ cos²θ
mkazo wa kuteleza: τ = σ sinθ cosθ = (σ/2) sin2θ
```

Kwenye mkazo wima kosini inatokea mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu nguvu imegawanywa, mara ya pili ni kwa sababu eneo limeongezeka. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye madaftari ni kuigawanya nguvu na kulisahau eneo. Anayefanya hivyo anapata mkazo wa kuteleza wa σsinθ, ambao unazidi kupanda hadi nyuzi 90. Hapo ujue kuna jambo halikukaa sawa. Bapa la θ = 90 ni lile linalopita kwa urefu wa nondo, sambamba na mvuto. Ungeweza kuipasua nondo katikati kwa urefu, na nusu mbili zingeendelea kubeba mzigo bila kusukumana wala kusuguana. Kwenye bapa hilo hakuna mkazo wowote. Kila ukimaliza hesabu ya namna hii, weka θ = 90 uone kama vyote viwili vinakuwa sifuri. Kisha weka θ = 0 uone kama unarudi kwenye σ nzima bila mkazo wa kuteleza.

Kwa nondo yetu, weka θ = 45. Eneo linakuwa milimita za mraba 160. Nguvu ya wima ni nyutoni 20,000 na ya kuteleza ni nyutoni 20,000. Gawanya: 125 N/mm² kila mmoja. Hiki ndicho kilele cha mkazo wa kuteleza, nusu kamili ya 250, kwa kuwa sin2θ haiwezi kuzidi 1 na inafika 1 pale 2θ inapokuwa nyuzi 90.

Kuna mtego mwingine hapa unaojificha vizuri sana. Vitabu vingine hupima pembe ya bapa lenyewe kutoka kwenye mhimili, vingine hupima pembe ya mstari ulio wima juu ya bapa. Kwenye 45 tofauti haionekani. Kwenye 30 inaonekana, lakini upande mmoja tu. Ukiweka 30 badala ya 60, mkazo wa kuteleza ni ule ule, 108 N/mm², hivyo utadhani uko salama. Mkazo wima ndio unaokusaliti: kwa 30 ni 187.5, kwa 60 ni 62.5, tofauti ya mara tatu. Kama mshazari huo ni kiungo cha gundi au cha kulehemu kinachoogopa kuvutwa wima, kosa hilo si dogo. Chora mchoro, weka mshale ulio wima juu ya uso, andika θ hapo, ndipo uanze hesabu.

Hadi hapa ni jiometria tupu, na inaihusu mbao kama inavyokihusu chuma. Swali la pili ni kwa nini chuma laini kichague kuufuata mkazo wa kuteleza, ambao ni nusu tu, na kuuacha ule wa wima wa 250 unaokivuta kwenye bapa lililonyooka.

Chuma kimeundwa na chembe za fuwele, na ndani ya kila chembe atomu zimejipanga safu juu ya safu. Kuzitenganisha safu mbili kwa kuzivuta wima ni kuvunja vifungo vya eneo zima, na vikishavunjika havijiungi tena. Kuteleza ni jambo tofauti: safu ikisogea hatua moja ya atomu, kila atomu inapata jirani mpya, na chuma kinabaki kizima. Ndiyo sababu nondo laini inaweza kurefuka sana kabla ya kukatika.

Hata hivyo, kama safu nzima ingepaswa kuteleza kwa mpigo, chuma kingekuwa na nguvu ya ajabu. Mwanafizikia Frenkel alifanya makadirio hayo mwaka 1926: gawanya ugumu wa chuma dhidi ya kuteleza, ambao ni karibu 80,000 N/mm², kwa 2π. Unapata zaidi ya 12,000. Nondo yetu ililegea kwenye 125, kama mara mia chini yake. Ufafanuzi ulikuja mwaka 1934, pale Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walipoeleza kwamba ndani ya fuwele kuna kasoro za mstari, dislokesheni, zinazosafiri na kuhamisha vifungo mstari baada ya mstari. Kinachozisukuma dislokesheni hizo kwenye bapa lao ni mkazo wa kuteleza. Mkazo wima wa bapa hilo hauzisukumi mbele. Ndiyo maana chuma laini kinaisikiliza τ.

Sasa, kwa nini "karibu" na 45 na si 45 kamili? Sababu ya kwanza ni kwamba kilele chenyewe ni butu. Kwenye nyuzi 40 au 50, mkazo wa kuteleza ni 123 badala ya 125. Kwenye 35 au 55 bado ni zaidi ya 117. Bapa lililo nyuzi tano kando ya kilele linapoteza sehemu ndogo sana, na udhaifu kidogo wa chuma mahali hapo unatosha kulipatia ushindi.

Sababu ya pili ni kwamba fuwele haitelezi kwenye bapa lolote upendalo. Ina mabapa yake na mielekeo yake. Erich Schmid alionyesha kwamba kwa fuwele moja, mkazo unaohesabika ni σcosφcosλ, ambapo φ ni pembe ya mstari ulio wima juu ya bapa la kuteleza na λ ni pembe ya mwelekeo wa kuteleza, zote kutoka kwenye mhimili wa mvuto. Thamani kubwa kabisa ya zao hilo la kosini ni 0.5, pembe zote mbili zikiwa 45. Fuwele moja ya zinki, ambayo hutegemea hasa seti moja ya mabapa, itateleza kwenye mabapa hayo hata kama yamelala nyuzi 20 au 70. Utalazimika tu kuvuta kwa nguvu zaidi. Nondo ya kawaida ina chembe nyingi mno zilizoelekea kila upande, na chuma kina mifumo mingi ya kuteleza, kwa hiyo karibu kila chembe hupata bapa lisilo mbali na 45.

Mkitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukueni sampuli bapa ya chuma laini iliyong'arishwa, mwivute taratibu, na mtazame uso wake pale sindano ya mzigo inaposita. Itatokea mistari ya mshazari, iitwayo mistari ya Lüders. Kama chuma bado kina magamba meusi ya kiwandani, magamba yatabanduka kufuata mistari hiyo. Kupaka chokaa nyembamba nako kunasaidia, kwa sababu hupasuka na kudondoka pale chuma kinapolegea.

Mkiipima pembe kwenye bati jembamba, msishangae mkikuta 50 hadi 55 kutoka kwenye mhimili badala ya 45. Hesabu haijavunjika. Ukanda uliolegea umebanwa na chuma ambacho hakijalegea pande zote mbili, kwa hiyo hauwezi kurefuka kwa urefu wake wenyewe. Bati likirefuka kwa 1, upana wake hupungua kwa 0.5, na mwelekeo pekee ambao haurefuki wala haufupiki ni ule wenye tan²α = 2, yaani nyuzi 54.7. Ndani ya ukanda huo atomu bado zinateleza kwenye mabapa yao. Kinachopimwa kwa macho ni ukanda, na ukanda una sharti lake la ziada.

Jambo la mwisho ni kukatika kwenyewe, kwa maana wengi hukiangalia kipande kilichokatika na kusema wameona kuteleza kwa 45. Nondo laini ya mviringo hukatika kwa umbo la kikombe na koni. Katikati uso ni tambarare na una vinyweleo, kwa sababu nondo ikishasinyaa mahali pamoja na kufanya shingo, vitundu vidogo hufunguka ndani na kuungana kwenye bapa lililonyooka. Ukingo wa nje tu ndio unaomalizika kwa mshazari wa karibu nyuzi 45, na unazunguka nondo yote kwa kuwa mabapa ya 45 yapo kila upande wa mhimili. Kulegea kulianza mapema zaidi, mwili mzima wa nondo ukiwa bado na kipenyo kimoja. Kwa hiyo katika ripoti andikeni matukio hayo mawili kando: mzigo na pembe ya mistari wakati wa kulegea, kisha umbo la uso uliokatika.