Zawadi ya nyumba kwa mtoto: ridhaa ya mama na haki ya kuendelea kuishi

"Nataka kumpa binti yangu nyumba tunayoishi hapa Morogoro, ila tuendelee kukaa hadi tufe. Hati ina jina langu tu. Mke wangu lazima asaini?"

Shikamoo mzee. Lazima. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kutoa nyumba ya ndoa, hata kwa zawadi, bila ridhaa ya mwenza, jina la kwenye hati liwe la yeyote kati yenu. Ukimruka mama, binti atapokea nyumba ikiwa bado na haki ya mama kuishi humo. Asaini ridhaa yake mwenyewe mbele ya wakili. Sahihi ya ushahidi tu haitoshi.

Pa kuangalia zaidi ni maneno. Ukiandika "itakuwa yake nikifa", hapo umeandika wosia, na wosia unabadilishwa wakati wowote. Andika hivi: "Nampa leo, ila mimi na mke wangu tutaishi humo na kuvuna miembe hadi wa mwisho wetu afariki." Kisha sharti hilo lisajiliwe kwa Msajili wa Hati pamoja na uhamisho. Likibaki kabatini, siku binti akiomba mkopo benki wataona hati safi.