Penanti hupimwa kwa mlingoti, pembetatu kwa mdomo wake

> "Wakuu, niko Tanga, Chumbageni. EURUSD kwenye H1 imepanda kwa kasi pipsi 120, halafu ikabanana kama kipembetatu chenye mdomo wa pipsi 40. Tageti napima ule mlingoti au napima mdomo? Na ingekuwa bendera je?"

Mkuu, pima mlingoti, yaani zile mbio za pipsi 120. Hiyo ni penanti, na kwa kupima, penanti na bendera ni kitu kimoja. Tofauti yake ni umbo tu: bendera ina laini mbili sambamba, mara nyingi zimeinama kinyume na trendi, penanti laini zake zinakutana. Zote mbili ni soko kupumua baada ya mbio, kwa hiyo kinachopimwa ni zile mbio. Pembetatu ni habari nyingine. Hiyo ni mvutano mrefu kati ya wanunuzi na wauzaji, na nguvu yake inapimwa kwa upana wa mvutano wenyewe, yaani mdomo.

Utazitofautishaje wakati kwa macho zinafanana? Angalia mambo mawili. La kwanza ni urefu wa mdomo ukilinganisha na mlingoti. Kwako ni 40 kwa 120, theluthi moja, na hiyo ni penanti nzuri. Bei ikirudi zaidi ya nusu ya mlingoti, acha kuiita penanti. La pili ni muda. Penanti na bendera ni za haraka. Kwenye chati ya siku hazizidi wiki tatu au nne. Kwenye H1 mimi hutazama kama mbanano umechukua mishumaa michache au umeshazidi mbio zenyewe kwa urefu mara kadhaa. Ikiwa mlingoti ulijengwa kwa mishumaa 8 na mbanano umefika 60, hapo una pembetatu, na tageti inashuka kutoka 120 hadi 40. Ndiyo maana swali lako lina uzito: ukikosea jina, umekosea tageti mara tatu.

Tuweke namba za mfano. Bei ilikuwa imelala chini ya 1.0800, ikaivunja na kukimbia hadi 1.0920. Mlingoti ni pipsi 120. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaanza kupima kwenye kina cha trendi nzima, tuseme 1.0720, wanapata 200. Mlingoti unaanzia pale bei ilipotoka kwenye usingizi na mishumaa ikaanza kufuatana bila kupumzika. Kila kilicho chini ya hapo ni safari nyingine.

Penanti imekaa kati ya 1.0920 na 1.0880, kisha mshumaa wa H1 unafunga 1.0906, juu ya laini ya juu ambayo wakati huo inapita 1.0900. Jumlisha mlingoti kwenye 1.0900, pale laini ilipovunjwa, siyo kwenye bei ya kufunga:

```
Tageti kamili:  1.0900 + 0.0120 = 1.1020
Tageti ya woga: 1.0880 + 0.0120 = 1.1000
Nusu mlingoti:  1.0900 + 0.0060 = 1.0960
```

Ile ya katikati inajumlisha mlingoti kwenye sehemu ya chini kabisa ya penanti. Mimi ndiyo naipenda, hasa hapa ambapo imeangukia namba mviringo. Kwenye 1.1000 oda za kuuza huwa zimejipanga, kwa hiyo T/P iweke kidogo chini yake, mathalani 1.0996. Tageti ni makadirio ya umbali, na milingoti mingi haifiki mwisho. Ndiyo sababu ya ile nusu: punguza sehemu ya loti ikifika 1.0960, iliyobaki iache iende. Kabla ya kuingia, angalia kushoto mwa chati kama kuna kilele cha zamani kati ya 1.0900 na 1.1000. Kikiwepo, tageti yako halisi ni hicho kilele.

S/L inakaa chini ya kishimo cha mwisho ndani ya penanti. Tuseme kishimo ni 1.0886, basi weka 1.0878. Ukinunua kwa 1.0907 unahatarisha pipsi 29 kutafuta 53 za kwanza. Na kumbuka chati ya MT5 kwa kawaida inaonyesha Bid: ukinunua, S/L inaguswa na Bid unayoiona, lakini ukiuza inaguswa na Ask, kwa hiyo ongeza spredi juu yake. Kupima kwenyewe ni rahisi: bonyeza Ctrl+F, kisha shika na kuburuta kutoka mwanzo wa mlingoti hadi kileleni. Kwa bei zenye tarakimu tano itakuonyesha 1200, kwa sababu inahesabu pointi. Gawa kwa 10.

Kuvunja kwa uongo kunajulikana kwa utambi. Bei inachungulia nje ya laini halafu mshumaa unafunga ndani. Subiri kufunga, hata ikikugharimu pipsi chache. Angalia pia saa. Soko la London likifunguka huwa ni saa nne asubuhi kwetu Uingereza ikiwa kwenye majira ya joto, na saa tano wakati wa baridi yao. Bei iliyovunja laini alfajiri, wakati watu wachache wanafanya biashara, mara nyingi inarudishwa ndani London ikifunguka. Kiasi cha miamala kinatakiwa kinywee wakati wa mbanano na kivimbe wakati wa kuvunja. Kwenye foreksi unachokiona ni hesabu ya mabadiliko ya bei kwa broka wako tu, kitumie kama dokezo.

Jihadhari na mlingoti wa habari. Takwimu nyingi kubwa za Marekani hutoka saa tisa na nusu alasiri kwetu, au saa kumi na nusu majira yao ya baridi. Mshumaa mmoja unaruka pipsi 90, nusu yake utambi. Huo usiuchukulie kama mlingoti mzima. Pima miili ya mishumaa, au uache upite.

Ikiwa kweli ni pembetatu, utaratibu unabadilika kidogo. Mdomo unapimwa wima pale laini zilipo mbali zaidi, upande wa kushoto, kisha unajumlishwa pale bei ilipovunjia. Pembetatu yenye paa bapa 1.1000 na sakafu inayopanda, iliyoanzia 1.0940, ina mdomo wa 60, tageti 1.1060. Ya kushuka ni kinyume chake, unatoa. Ile yenye laini mbili zinazobanana kwa usawa haina upande. Bei inaweza kutoka kinyume na trendi, kwa hiyo usiingie ukiwa ndani yake.

Na hesabu mishumaa hadi kwenye ncha. Ikiwa kutoka mdomoni hadi laini zinapokutana ni mishumaa 48, kuvunja kwa nguvu mara nyingi hutokea kati ya wa 24 na wa 36. Ikipita hapo bado imo ndani, bei huwa inateleza kando kupitia nchani bila mwelekeo, na ule mdomo wa 60 haukupi tageti tena. Futa laini.

Kwa hisa, bei ikiwa imetembea sana, pima mlingoti kwa asilimia. Kutoka 100 hadi 150 ni asilimia 50. Ikivunja kwenye 140, tageti ni 210, wakati kwa kujumlisha tu ungepata 190. Kwa EURUSD tofauti hiyo haionekani.