SSD ya TB 2 kwa elfu arobaini na tano

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea kanitumia picha ya kiboksi: SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, ya TB 2, elfu hamsini. "Kaka, nichukue?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ndugu yake kiboksi hicho nilimnunua mimi hapa Mtwara, karibu na stendi, kwa elfu arobaini na tano, nikatoka kifua mbele kama nimempunja muuzaji.

Napiga video za harusi. Nikahamishia humo kazi tatu, ya Mikindani, ya Ligula na ya mwisho ya Lindi mjini, kisha nikafuta kwenye kamera na laptopu. Kufuta bila kuhakiki, hilo kosa ni langu. Mama wa bibi harusi wa Lindi alipofuata kazi yake, majina ya mafaili yote yapo, ukubwa umeandikwa, lakini hakuna linalofunguka. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo baba, mwanangu hakuolewa?" Mpaka leo sijapata jibu.

Nikafungua kasha kwa bisibisi. Ndani mna memori kadi ya GB 32 na kipande cha chuma kilichogundishwa ili kitu kiwe kizito mkononi. Kidhibiti chake kimechezewa kiiambie kompyuta kuwa ni TB 2. Orodha ya majina hukaa mwanzoni, kwenye nafasi ya kweli, ndiyo maana majina huonekana. Video zilizokuja baada ya nafasi kujaa hazikuandikwa popote. Diski feki nyingine hurudi kuandika juu ya vitu vya mwanzo, ukapoteza na vya zamani. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea nyimbo mbili zikapiga, hajakuonyesha kitu. Na kuifomati hakuongezi nafasi.

Jamani, pimeni! Mimi natumia H2testw, programu ya bure ya Windows. Diski iwe tupu. Unaichagua, unaandika MByte 102400, yaani GB 100, unabonyeza "Write + Verify". Inajaza data, kisha inaisoma tena kuona kama ni ileile. Yangu ilijaza kwa zaidi ya saa mbili na nusu, kasi MB 11 kwa sekunde, mwisho ikatoa:

```
The media is likely to be defective.
```

GB 29 nzima, GB 71 zimepotea. Diski ya kweli ingeandika "Test finished without errors." Lakini hapo inathibitisha sehemu iliyojazwa tu, TB 2 zote kwa kasi ile ni zaidi ya siku mbili, na umeme wetu mnaujua. Kasi yenyewe ni shahidi: SSD ya kweli kwenye tundu la USB 3 huandika mamia ya MB kwa sekunde.

Ila msigombane na muuzaji wa flashi ya GB 64 ikisoma 59. Kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Hiyo ni halali.

Kijana nilimwambia aombe aachiwe saa chache aipime palepale dukani. Muuzaji kakataa.