R² imeanguka kutoka 0.96 hadi 0.08 baada ya kuchukua tofauti

"Wakuu, nina data za miaka 24 za mikopo ya benki na uzalishaji wa saruji. Rigresheni ya kawaida ilinipa R² ya 0.96 na Durbin-Watson 0.41. Msimamizi akasema nichukue kwanza tofauti za mwaka hadi mwaka. Nimechukua, R² imeanguka hadi 0.08 na p ni 0.19. Nimekosea wapi?"

Hujakosea, mkuu. Usiisikitikie ile 0.96. Mimi niliwahi kuiamini ya namna hiyo, na hela za watu zikapotea.

Nilikuwa mchambuzi kwa msambazaji mmoja wa sabuni. Tulikuwa na miezi 60 ya mauzo na ya gharama za matangazo ya redio. Vyote viwili vilikuwa vinapanda, maana mji ulikuwa unakua, bei zinapanda na maduka tunayoyahudumia yanaongezeka. R² ikatoka zaidi ya 0.9, nikaandika ripoti kwamba redio ndiyo inayouza. Bajeti ya matangazo ikaongezwa mara mbili. Mauzo yakaendelea kupanda kwa mwendo wake uleule wa zamani.

Ndipo nikachora masalia ya ile rigresheni, yaani mauzo halisi kutoa yaliyokadiriwa, mwezi baada ya mwezi. Yalikaa juu ya sifuri karibu mwaka na nusu, yakashuka, yakakaa chini muda mrefu vilevile. Masalia ya kawaida hurukaruka juu na chini bila mpangilio. Durbin-Watson yako inasema hilohilo: ni takriban 2(1−ρ), kwa hiyo 0.41 maana yake kosa la mwaka huu linafanana na la mwaka jana kwa uwiano wa karibu 0.8. Wanauchumi Granger na Newbold walionya mwaka 1974 kwamba ukiona R² kubwa kuliko Durbin-Watson, ushtuke. Yako ni 0.96 dhidi ya 0.41.

Chanzo ni hiki. Kipimo cha t kinadhani una ushahidi 24 unaojitegemea. Lakini mfululizo unaopanda hubeba jana yake ndani ya leo, kwa hiyo miaka yako 24 inasimulia karibu habari moja tu: hiki kilipanda, na kile kilipanda. Mtakwimu Mwingereza Udny Yule alilionyesha hili mwaka 1926: kati ya 1866 na 1911, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Uingereza na kiwango cha vifo cha Uingereza na Wales vilikuwa na uwiano wa 0.95. Hakuna anayeamini kwamba harusi ziliua watu.

Jaribu mwenyewe kwenye R. Hapa x na y hazijuani kabisa, kila moja inajumlisha bahati yake:

```r
jaribu <- function(n) {
  x <- cumsum(rnorm(n)); y <- cumsum(rnorm(n))
  p <- function(m) summary(m)$coefficients[2, 4]
  c(p(lm(y ~ x)), p(lm(diff(y) ~ diff(x)))) < 0.05
}
rowMeans(replicate(1000, jaribu(100)))
```

Namba ya kwanza itakuwa karibu robo tatu: mara tatu katika nne utaambiwa kuna uhusiano ambao haupo. Ya pili itakuwa karibu 0.05, kama inavyotakiwa. Kisha weka 1000 badala ya 100. Ya kwanza itapita 0.9. Kwa hiyo kutafuta data ndefu zaidi hakukuokoi, kunazidisha uongo.

Tofauti zinatibu kwa sababu zinabadilisha swali. Badala ya kuuliza kama vyote vilipanda, unauliza: mwaka ambao mikopo iliongezeka kuliko kawaida yake, je, saruji nayo iliongezeka kuliko kawaida yake? Kwa redio yangu jibu lilikuwa hapana, koefishenti ilikaribia sifuri. Kwako, chukua logi kabla ya tofauti, upate asilimia za ukuaji. Mabilioni ya miaka ya mwisho yasimeze ya mwanzo.

Ila usitupe kazi yako bado. Mikopo na ujenzi vinaweza kweli kufungwa pamoja kwa muda mrefu, na mkopo wa mwaka huu ukawa saruji ya mwaka kesho. Tofauti za mwaka uleule hazilioni hilo. Kwanza ongeza tofauti ya mikopo ya mwaka uliotangulia. Kisha pima kama masalia ya rigresheni ya mwanzo yanarudi sifuri, kwa kipimo cha Engle na Granger. Usitumie jedwali la kawaida la Dickey-Fuller, ambalo kwa asilimia 5 linadai −2.86. Masalia yamekadiriwa, hivyo mpaka ni −3.34 kwa sampuli kubwa, na kwa miaka 24 ni mkali zaidi. Yakipita, weka masalia ya mwaka uliopita ndani ya rigresheni ya tofauti, utapata uhusiano wa muda mfupi na wa mrefu pamoja. Yasipopita, ripoti 0.08 yako, na useme wazi kwamba kwa miaka 24 kipimo hiki hakina nguvu kubwa ya kugundua uhusiano hata kama upo.